Waliofikiwa hawajumlishwi

Swali: Habari mtaalamu. Nimetengeneza ripoti inayojijaza yenyewe kwa matangazo ya mteja wangu kule Meta, skripti inavuta data kila siku inaweka kwenye shiti, mwisho wa mwezi inajumlisha. Mwezi wa tatu ripoti imesema Reach 412,000 ila Ads Manager inasema 97,400. Impressions zimefanana kabisa, 538,000. Engagement ni 7,790 lakini Engagement rate kila nikiipiga kwa njia nyingine inatoka tofauti. Hivi hivi vitu vitatu vinatofautianaje hasa, na mimi nakosea wapi?

Jibu:

Hizo impressions kufanana ndo kitu kilichonipa jibu kabla hata sijamaliza kusoma. Skripti yako ingekuwa inaruka siku, au inaandika siku moja mara mbili, hizo ndo zingekuwa za kwanza kupishana na Ads Manager. Hazijapishana, manake data imeingia vizuri na tatizo linaanzia pale kwenye SUM ya mwisho. Moja kati ya namba zako tatu inakubali kujumlishwa, nyingine haikubali hata kidogo, na ya tatu haijumlishwi wala haitafutiwi wastani, inapigwa upya kila mara.

Tupeane majina kwanza. Kilichoandikwa `impressions` nitakiita maonyesho, yaani ni mara ngapi tangazo limetokea kwenye skrini ya mtu. Kilichoandikwa `reach` nitakiita waliofikiwa, yaani ni watu wangapi tofauti walioliona angalau mara moja. Kiwango cha mwitikio ni ule mwitikio (laiki, komenti, sheya na wenzao) ukigawanya kwa mojawapo ya hizo mbili, na hapo kwenye "mojawapo" ndo ugomvi wote unapozaliwa, tutafika. Kwa hiyo ya kwanza inahesabu matukio, ya pili inahesabu watu, ya tatu ni sehemu ya kitu kingine. Zinakaa kwenye safu zilizopakana zimevaa sare moja na shiti haiwezi kuzitofautisha, we ukiiambia jumlisha inajumlisha.

Chukua tangazo moja, siku tatu, na watu wanne tu, Asha, Juma, Neema na Baraka. Jumatatu Asha kaliona asubuhi na jioni, Juma kaliona mara moja, Neema mara moja. Maonyesho 4, waliofikiwa 3. Jumanne Asha kaliona mara moja, Juma mara mbili, Baraka mara moja. Maonyesho 4, waliofikiwa 3. Jumatano Asha na Neema, kila mmoja mara moja. Maonyesho 2, waliofikiwa 2. Jumlisha sasa. Maonyesho 4 na 4 na 2 ni 10, na kweli tangazo limeonekana mara 10, hamna shida. Waliofikiwa 3 na 3 na 2 ni 8, wakati watu wenyewe wako wanne tu, umewahesabu kwa vidole mwenyewe. Asha kahesabiwa mara tatu kwa sababu katokea siku tatu, na ile API ikikupa mstari wa Jumanne haina namna ya kukuambia kwamba huyu Asha ni yuleyule wa Jumatatu. Inakupa namba 3, basi. Majina yamebaki kwao.

Hilo la mwisho ndo watu wengi hawalipati, wanadhani kuna fomula. Wanauliza kama wakigawanya kwa mbili, au wakichukua siku kubwa kuliko zote, au wakizidisha kwa kitu fulani watapata waliofikiwa wa mwezi. Hamna. Ukishakuwa na safu ya siku peke yake, taarifa ya nani kajirudia imeshapotea na huwezi kuifufua kwenye shiti. Unachoweza kujua ni mipaka tu, kwamba jibu la kweli haliwezi kuwa chini ya siku yenye watu wengi zaidi na haliwezi kuzidi jumla ya siku zote. Kwenye mfano wetu ni kati ya 3 na 8, jibu ni 4. Kwako ni mahali kati ya siku yako kubwa na 412,000, na Meta anakuambia ni 97,400. Tena ukigawanya maonyesho 538,000 kwa hao 97,400 unapata 5.5, yaani kila mtu kaliona tangazo mara tano na nusu kwa wastani mwezi mzima. Kwa ripoti yako ya zamani ingekuwa 1.3, na mteja angesema tangazo halijaonekana vya kutosha aongeze hela, wakati watu walewale wanaliona mpaka wanalichoka. Kosa la kujumlisha halikuzi namba moja tu, linageuza na ushauri unaotoka baada yake.

Mimi hili nililipata kwa aibu. Kuna ofisi nilikuwa nawafanyia ripoti kama hizi, kampeni ilikuwa imetageti orodha ya watu 60,000, ikaenda wiki sita, dashibodi yangu nzuri ya rangi ikaandika waliofikiwa 183,000. Nimeiwasilisha vizuri kabisa, mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Kijana, hao wengine 123,000 mmewatoa wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye ripoti yoyote ni kama waliofikiwa wamezidi hadhira yenyewe.

Sasa dawa yake ni kwamba kila namba ya waliofikiwa utakayoionyesha kwenye ripoti lazima iombwe yenyewe kutoka Meta kwa kipindi hichohicho na ngazi hiyohiyo unayoionyesha. Nina uhakika ombi lako la sasa linafanana na hili:

```
GET /act_<ID>/insights
  ?level=campaign
  &fields=campaign_id,impressions,reach,frequency,actions
  &time_range={"since":"2025-03-01","until":"2025-03-31"}
  &time_increment=1
```

Hiyo `time_increment=1` ndo inayokata mwezi kuwa vipande vya siku mojamoja. Iache, unaihitaji kwa grafu ya siku. Ila ongeza ombi la pili lenye kila kitu kilekile isipokuwa `time_increment=all_days`, hapo utapata mstari mmoja kwa kila kampeni kwa mwezi mzima, na `reach` ya huo mstari imeshaondoa wanaojirudia huko kwao kabla haijakufikia. Ukitaka miezi kadhaa kwa mpigo weka `time_increment=monthly`, kila mwezi unakuja na mstari wake.

Alafu kuna ombi la tatu, na hapa ndo wanaojua hilo la siku wanapoanguka. Tuseme mteja ana kampeni tatu. Umeomba kwa mwezi mzima, umepata mistari mitatu, kila mmoja una waliofikiwa sahihi. Ukizijumlisha hizo tatu kupata "jumla ya akaunti" umerudia kosa lilelile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Asha anaweza kuwa kwenye kampeni zote tatu. Kwa hiyo jumla inaombwa na `level=account`, peke yake. Hivyohivyo ukigawa kwa `publisher_platform`, mtu aliyeliona Facebook na Instagram anaweza kuonekana kwenye mistari yote miwili. Ukigawa kwa umri hilo halikusumbui sana manake mtu ana umri mmoja, ingawa usishangae jumla isipolingana kabisa, `reach` ya Meta wenyewe wanasema ni makadirio. Kanuni ya kichwani ni hii: jiulize kama mtu mmoja anaweza kukaa kwenye mistari miwili kwa wakati mmoja. Akiweza, usijumlishe.

Kwa hiyo kwenye shiti yako mimi ningetenganisha kurasa. Moja ya siku, nyingine ya kampeni kwa kipindi, nyingine ya akaunti kwa kipindi, na ile safu ya `reach` kwenye ukurasa wa siku ningeipa jina la kutisha kama `reach_ya_siku_usijumlishe`. Unacheka ila miezi sita mbele wewe mwenyewe utakuwa umesahau, au atakuja mwenzako aunganishe Looker Studio, na Looker Studio ikiona safu ya namba kazi yake ya kwanza ni kuipiga SUM bila kuuliza mtu.

Twende kwenye mwitikio. Rudi kwa watu wetu wanne. Jumatatu Asha kalaiki. Jumanne Baraka kalaiki na kaweka komenti. Jumatano hamna kitu. Mwitikio jumla ni 3, na huu unajumlishika kwa sababu ni matukio kama maonyesho. Kiwango sasa. Ukigawa 3 kwa watu wanne ni asilimia 75. Ukigawa kwa maonyesho 10 ni asilimia 30. Ukigawa kwa ile 8 ya uongo ni 37.5. Ukipiga kiwango cha kila siku kwa waliofikiwa, unapata 33.3, 66.7 na 0, wastani wake ni 33.3. Data ni ileile, watu ni walewale, majibu manne, na kila jibu ukiliweka kwenye ripoti linapendeza tu. Kwako ni hivyohivyo: 7,790 kwa 97,400 ni asilimia 8.0, kwa 538,000 ni 1.45, na kwa 412,000 ni 1.89. Hiyo 1.89 ndo itupe. Hizo nyingine mbili zote ni halali, zinajibu maswali tofauti tu. Ya 8.0 inasema kwa kila watu 100 waliofikiwa kumekuwa na mwitikio 8 (sio watu 8, mmoja anaweza kulaiki na kukomenti). Ya 1.45 inasema kila tangazo likitokea mara 100, mwitikio ni mmoja na nusu hivi.

Ipi uweke? Kwa ripoti inayojijaza yenyewe, mimi naweka ya maonyesho na wala sibembelezi. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi, juu na chini zote mbili zinajumlishika, kwa hiyo mteja akichagua siku 9 au wiki mbili na siku tatu kwenye dashibodi, namba inajipiga sahihi bila kuomba kitu kipya. Ya waliofikiwa haiwezi hilo, ni sahihi kwa vipindi ulivyoviomba tu. Sababu ya pili ni ya hila zaidi. Kiwango kinachogawanywa kwa waliofikiwa kinapanda chenyewe kadiri kipindi kinavyorefuka, manake mwitikio unaongezeka kila siku ila watu wapya wanaisha. Angalia kina Asha, siku ya kwanza asilimia 33, baada ya siku tatu 75, na tangazo halijabadilika hata nukta. Ukimwonyesha mteja wiki ya kwanza kisha mwezi mzima kwa kipimo hicho, atafurahia ukuaji ambao haupo. Ukiitumia basi linganisha vipindi vyenye urefu mmoja, na uandike palepale juu ya safu umegawa kwa nini, "mwitikio kwa maonyesho" au "mwitikio kwa waliofikiwa", jina refu lakini linaokoa mabishano.

Wastani nao tuuzike. Tuseme kampeni moja siku ya kwanza imepata maonyesho 500 na mwitikio 40, hiyo ni asilimia 8. Siku ya pili bajeti imefunguka, maonyesho 20,000 na mwitikio 300, asilimia 1.5. Ukiandika AVERAGE kwenye shiti unapata 4.75. Ukijumlisha juu na chini kisha ukagawa, 340 kwa 20,500, unapata 1.66. Ile siku ndogo yenye maonyesho 500 imepewa sauti sawa na siku ya 20,000, ndo maana. Kwa hiyo usihifadhi kiwango kama safu kabisa, hifadhi mwitikio na maonyesho, tuseme mwitikio uko safu D na maonyesho safu B, kiwango kipigwe kwenye mstari wa jumla:

```
=SUM(D2:D32)/SUM(B2:B32)
```

Na Looker Studio ni wazo hilohilo, tengeneza sehemu ya hesabu ya `SUM(mwitikio)/SUM(impressions)` moja kwa moja. Ukishaivuta safu ya kiwango iliyopigwa tayari, chochote itakachofanya juu yake kitakuwa kibaya.

Hujaniuliza lakini lazima nikuulize mimi, hiyo 7,790 umeitoa wapi? Manake hapo kuna shimo nimeshawatoa watu wengi. Meta anakurudishia mwitikio kwenye orodha inaitwa `actions`, siku moja inaweza kuwa hivi:

```
"impressions": "18240",
"actions": [
  {"action_type": "page_engagement", "value": "431"},
  {"action_type": "post_engagement", "value": "428"},
  {"action_type": "video_view",      "value": "290"},
  {"action_type": "link_click",      "value": "71"},
  {"action_type": "post_reaction",   "value": "58"},
  {"action_type": "comment",         "value": "6"},
  {"action_type": "post",            "value": "3"},
  {"action_type": "like",            "value": "3"}
]
```

Mtu akiona orodha anaizungusha na kujumlisha yote, anapata 1,290. Sasa piga hesabu ndani yake. 290 na 71 na 58 na 6 na 3 ni 428, yaani `post_engagement` ni jumla ya hizo tano zinazoifuata. Na `page_engagement` ni hiyo 428 pamoja na `like` 3, ambazo ni laiki za ukurasa wenyewe, laiki za posti ziko kwenye `post_reaction`. Kwa hiyo ukijumlisha yote umehesabu kila tukio karibu mara tatu. Sheya nazo zinajificha kwa jina la `post`, jina ambalo halimwambii mtu chochote, nilizitafuta nusu siku mara ya kwanza.

Na hata ukichagua `post_engagement` peke yake, angalia ndani, 290 kati ya 428 ni watu waliotazama video kwa sekunde 3. Hiyo inaitwa mwitikio kwa Meta, sijui kwa mteja wako. Kwa siku hiyo moja, `post_engagement` kwa maonyesho 18,240 ni asilimia 2.35. Ukitoa video ni 138, asilimia 0.76. Ukibakiza laiki, komenti na sheya tu ni 67, asilimia 0.37. Mimi huwa natoa video, natumia hizo nne zilizobaki, manake tangazo la video na la picha likikaa ripoti moja hayawezi kulinganishwa kama moja linapewa pointi kwa mtu kuchelewa kupitisha kidole. We chagua unavyoona, ila uchague mara moja, uandike, na usibadilishe katikati ya mwaka kimyakimya.

Mitego miwili midogo ya humohumo. Kwanza namba zote zinakuja ndani ya alama za nukuu, yaani ni maandishi, na JavaScript ukiiambia ijumlishe "58" na "6" inakupa "586" kwa moyo mkunjufu. Pili, aina ambayo siku hiyo haikutokea haiji na sifuri, haiji kabisa, kwa hiyo skripti inayotegemea nafasi kwenye orodha itachukua komenti ikidhani ni sheya. Tafuta kwa jina, geuza iwe namba, isipokuwepo weka sifuri:

```
const hesabu = (mstari, aina) => Number(
  (mstari.actions || [])
    .find(a => a.action_type === aina)?.value || 0
);
```

Tukiwa kwenye kuvuta, unavuta vipi kila siku? Kama unaongeza mstari wa jana chini ya shiti halafu unausahau, siku itafika impressions nazo zitaacha kufanana. Meta wanasema takwimu zinaweza kubadilika mpaka siku 28 baada ya kuripotiwa, ndo zinatulia. Kwa hiyo kila usiku futa siku 28 za mwisho uziandike upya zote, ufunguo uwe `campaign_id` pamoja na `date_start`, hapo hata skripti ikijiendesha mara mbili haiongezi kitu. Na ripoti ya mwezi usiitoe tarehe moja asubuhi kama unaweza kuvumilia, au itoe ila uivute tena baadaye. Saa pia, siku ya `date_start` inafuata saa ya akaunti ya matangazo, sio saa ya kompyuta yako, kwa hiyo "jana" ya skripti na "jana" ya akaunti zinaweza kupishana.

Kama mteja ana posti za kawaida za Instagram zisizolipiwa na unataka kuziingiza humohumo, subiri kidogo. Huko `impressions` imeondolewa mwaka 2025 na badala yake kuna `views`. Usiziweke kwenye safu moja eti kwa sababu zinafanana sura, grafu itakuonyesha mruko wa ajabu na mteja atataka maelezo. Safu mbili, au kurasa mbili kabisa.

Mwisho weka ukaguzi ndani ya skripti yenyewe, isitume ripoti mpaka ipite. Mimi naangalia vitu vitatu kwa kila kipindi. Waliofikiwa wasizidi maonyesho, haiwezekani watu wawe wengi kuliko mara tangazo lilivyoonekana. Waliofikiwa wa kipindi wawe kati ya siku kubwa kuliko zote na jumla ya siku, na kama vimelingana kabisa na jumla ujue kuna mtu karudisha ile SUM (isipokuwa kampeni ilikimbia siku moja tu). Na `impressions` ukigawa kwa `reach` ikaribiane na `frequency` ambayo Meta mwenyewe kakupa kwenye ombi lilelile, ikipishana sana umechanganya mistari ya ngazi mbili. Ripoti yako ya mwezi wa tatu ingegonga la pili na la tatu papo hapo, jumla kamili ya siku zote na 1.3 badala ya 5.5.

Kwa mteja sasa, maana hiyo 412,000 ameshaiona. Usirekebishe mwezi wa nne peke yake, ataona waliofikiwa wameanguka mara nne akupigie simu. Omba upya miezi yote ya nyuma uliyompa kwa `time_increment=monthly` na `level=account`, badilisha zote siku moja, weka mstari mmoja juu ya ripoti unaosema tangu tarehe fulani waliofikiwa wanahesabiwa kila mtu mara moja kwa kipindi chote. Impressions zake ziache kama zilivyo, hizo zilikuwa sahihi tangu mwanzo.